"Amepatwa na Nini?": Mwongozo wa Kuwahudumia Wenye Kiwewe Katika Kliniki na Shule

Mwanafunzi anapomrukia mwenzake kwa ngumi mlangoni mwa darasa, au mgonjwa anapokosa miadi ya kipimo kilekile kwa mara ya tatu, swali linalotujia haraka ni "Huyu ana nini?" Majibu yake huwa yako tayari: mkorofi, mkaidi, hajali afya yake. Huduma inayozingatia kiwewe huanza kwa swali jingine: "Amepatwa na nini?" Swali hili huulizwa kwanza na wahudumu wenyewe kwa wenyewe, ili liwaongoze katika kufikiri na kupanga kazi, na hapo ndipo mafunzo mengi ya siku moja hupita juu juu. Kumuuliza mhusika mwenyewe ni hatua nyingine yenye masharti yake, na mara nyingi mtu anaweza kuhudumiwa vizuri bila hata kuulizwa.

Msingi wa jambo lenyewe ni huu. Mtu aliyewahi kupigwa, kubakwa, kutelekezwa au kushuhudia mauaji anaweza kubaki na kiwewe, yaani mwili unaoitikia hatari hata pale ambapo hatari haipo. Mkono unaomgusa begani kutoka nyuma, sauti kali, harufu fulani au kulazwa chali mbele ya mtu aliyesimama humrudisha katika hali ya kujihami kabla hajapata nafasi ya kufikiri. Wengine hupigana, wengine hukimbia, na wengine huganda na kunyamaza. Anayeganda ndiye anayesahaulika zaidi, kwa kuwa hasumbui mtu.

Utafiti unaotajwa sana katika uwanja huu uliongozwa na madaktari Vincent Felitti na Robert Anda, na matokeo yake ya kwanza yalichapishwa mwaka 1998. Watu wazima zaidi ya 17,000 waliokuwa wakihudumiwa na shirika la Kaiser Permanente huko San Diego, Marekani, waliulizwa kuhusu madhila ya utotoni, na ikaonekana kwamba kadiri aina za madhila zilivyoongezeka, ndivyo uwezekano wa kupata sonona, ulevi na hata maradhi ya moyo ulivyopanda. Kutokana na utafiti huo, baadhi ya vituo vilianza kumhesabia kila mgonjwa au mwanafunzi alama zake, yaani idadi ya aina za madhila aliyoyapitia, na kumpangia huduma kwa kufuata alama hizo. Msifanye hivyo. Anda mwenyewe na wenzake walionya mwaka 2020 kwamba alama hizo hueleza hali ya makundi ya watu na hazifai kumtabiria mtu mmoja mmoja. Watu wawili wenye alama sawa wanaweza kuwa na maisha na mahitaji tofauti kabisa.

Hatua ya kwanza: andika ulichokiona, kisha tafuta kilichotangulia

Tuchukue mfano wa kutunga wa mvulana mwenye umri wa miaka 11. Faili lake limejaa maneno kama "ana hasira", "hana nidhamu" na "anapenda ugomvi". Hakuna hata neno moja kati ya hayo linalomwambia mwalimu afanye nini kesho asubuhi. Kwa hiyo walimu wake wanakubaliana kwamba kwa wiki mbili wataandika kila tukio katika safu tatu: kilichotokea kabla, alichofanya, na kilichofuata. Saa, mahali na watu waliokuwa karibu navyo vinaandikwa. Hukumu haziandikwi.

Wiki mbili zinapoisha kuna matukio 7. Matano kati yake yametokea mlangoni wakati wanafunzi wanapanga mstari kurudi darasani baada ya mapumziko, na katika yote matano aliguswa au alisukumwa na mtu aliyekuwa nyuma yake. La sita lilitokea wakati mwalimu alipomjia kwa nyuma na kuinama juu ya dawati lake ili kukagua daftari. La saba halifanani na mengine. Walimu wawili wameandika pia kwamba baada ya tukio mikono yake ilikuwa ikitetemeka, alihema kwa nguvu, na alipoulizwa alichokifanya hakuweza kukieleza kwa mpangilio.

Kumbukumbu hizo zina thamani kuliko maelezo ya miaka miwili yaliyomo kwenye faili. Mtoto anayeonea wenzake kwa makusudi kwa kawaida humchagua aliye dhaifu, huangalia kwanza kama mwalimu yuko mbali, na huacha anapoonekana. Huyu humpiga yeyote aliye nyuma yake, hata aliyemzidi umbo, na hata mbele ya mwalimu mkuu. Tofauti hiyo haithibitishi kwamba ana kiwewe, ila inatosha kuwaonyesha walimu mahali pa kuanzia. Kabla ya kwenda mbali zaidi wahakikishe mambo ya kawaida hayajasahauliwa: anasikia vizuri? Anaona vizuri? Analala? Anakula kabla ya kuja shule? Mtoto anayeganda na kukodoa macho kwa sekunde chache apelekwe pia kwa daktari, kwa sababu kuna aina ya kifafa inayofanana kabisa na hali hiyo, na kifafa hakitibiwi kwa ushauri nasaha.

Hatua ya pili: ondoa kichocheo kabla ya kuijua hadithi

Walimu wengi hufikiri kwamba ni lazima kwanza wajue yaliyompata mtoto ndipo waweze kumsaidia. Jedwali lenyewe limeshawaonyesha cha kufanya. Mvulana huyu anaruhusiwa kuingia darasani dakika moja kabla ya wengine, au kusimama mwisho wa mstari ambapo hakuna mtu nyuma yake. Anahamishiwa kwenye dawati lililo karibu na ukuta, linalomwezesha kuuona mlango. Kila mwalimu, akiwemo wa zamu na yule wa kipindi kimoja kwa wiki, anaelezwa kwamba amkaribie kutoka mbele, aite jina lake kwanza, na asimguse. Mwanafunzi naye anapewa ishara, kwa mfano kuweka kalamu nyekundu pembeni mwa dawati, inayomruhusu kwenda kwa dakika 5 mahali palipokubaliwa, kwa mtu mzima anayemfahamu, bila kuulizwa kitu mbele ya darasa.

Tukio likitokea licha ya hayo, maneno yawe machache. Mwalimu asimame kwa upande na kwa umbali, ashushe sauti, awaondoe wanafunzi wengine badala ya kumvuta yeye, na asimlazimishe kumtazama machoni. "Kwa nini umefanya hivi?" ni swali la kuachwa kabisa katika dakika hizo. Mtoto ambaye mwili wake uko katika kupigana hana uwezo wa kupanga maelezo, na jibu lolote atakalolitoa, pamoja na ukimya, litachukuliwa kuwa ni jeuri. Afadhali aambiwe: "Niko hapa. Hakuna atakayekugusa. Tutazungumza ukishatulia."

Hapa ndipo walimu wenye uzoefu hupinga, na hoja yao ni ya haki: je, ina maana mtoto hataadhibiwa? Mwanafunzi aliyepigwa ana haki ya kulindwa na kuona kwamba jambo lake limeshughulikiwa, na kwanza kabisa apate huduma yeye. Kujua sababu ya kitendo hakufuti kitendo. Kinachobadilika ni wakati na aina ya hatua inayochukuliwa. Mvulana akishatulia, pengine baada ya nusu saa, pengine kesho yake, anaketi na mwalimu, anaelezwa madhara aliyomsababishia mwenzake, na wanakubaliana atakavyoyarekebisha. Adhabu ya kupigwa ina kasoro nyingine katika hali hii, mbali na maumivu yake: inamthibitishia mtoto kwamba mtu mzima anayesogea karibu ni hatari, na hiyo ndiyo imani hasa iliyoyazaa yale matukio ya mlangoni. Kumtoa nje kila mara nako kuna gharama, maana anakosa masomo, na kama anaogopa kuwa katikati ya watu, kutolewa nje kunakuwa nafuu anayojifunza kuitafuta.

Hatua ya tatu: katika kliniki, rudisha uamuzi kwa mgonjwa

Upande wa kliniki nachagua kipimo cha saratani ya mlango wa kizazi, kwa sababu katika huduma za kawaida ni vipimo vichache vinavyofanana kiasi hiki na mazingira ya ubakaji: mwanamke amevua nguo, amelala chali, miguu imetanuliwa, na mtu mwenye mamlaka anaingiza kifaa mwilini mwake. Katika faili la mwanamke wa mfano wetu, wa kutunga pia, kumeandikwa "hakufika" mara mbili, na mara ya tatu "alifika, hakushirikiana, kipimo kimeshindikana". Muuguzi anayelisoma faili hili huku akijiuliza amepatwa na nini hapati jibu, wala halihitaji kwa sasa. Anachokipata ni sababu ya kubadilisha namna atakavyomhudumia.

Mazungumzo yafanyike mwanamke akiwa amevaa nguo zake zote, ameketi, na muuguzi naye ameketi. Muuguzi anasema: "Kipimo hiki huwa kigumu kwa wanawake wengi, na kila mmoja ana sababu zake. Kuna jambo lolote ungependa tulifanye tofauti ili kiwe rahisi kwako? Si lazima uniambie kwa nini." Sentensi ya mwisho ndiyo inayofungua mlango, kwa sababu inamwezesha kuomba msaada bila kuulipia kwa kusimulia siri yake.

Kisha anapewa uchaguzi wa kweli, yaani ule ambao kituo kinaweza kuutimiza. Anaweza kuja na mtu anayemwamini. Anaweza kuomba mhudumu wa kike. Anabaki na nguo za juu, na shuka la kujifunika analishika mwenyewe. Anaonyeshwa spekulamu, yaani kifaa cha kupanulia uke, na kuruhusiwa kuishika, na akipenda anaiingiza mwenyewe kwa kuelekezwa. Mahali ambapo kipimo cha HPV, virusi vinavyosababisha saratani hiyo, kinapatikana, anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe ukeni bila spekulamu kabisa, njia ambayo Shirika la Afya Duniani linaikubali katika mwongozo wake wa mwaka 2021. Mwisho wanakubaliana ishara ya kusimamisha kazi, kama vile kuinua mkono, na muuguzi aahidi kwamba akiiona ataacha papo hapo bila kuuliza. Ahadi hiyo ikivunjwa mara moja tu, kwa kusema "subiri kidogo, namalizia", mwanamke huyo huenda asirudi tena.

Lugha nayo ichungwe. "Tulia", "legea" na "haiumi" ni maneno ambayo mwanamke anaweza kuwa aliyasikia kutoka kwa aliyemdhuru. Badala ya "panua miguu", sema "acha magoti yaangukie pembeni". Taja kila unachotaka kufanya kabla ya kukifanya, na subiri jibu: "Sasa nitagusa paja lako la kulia. Niendelee?"

Hatari kubwa kwa muuguzi makini ni mgonjwa anayekuwa mtulivu kupita kiasi. Akiacha kujibu, akikodolea macho dari, mwili ukiwa mgumu au mlegevu ghafla, huenda amejitenga na yanayoendelea ili ayastahimili. Kipimo kinaweza kukamilika kwa urahisi hapo, na ndiyo sababu wahudumu wengi huendelea. Ukimya huo si ridhaa. Toa kifaa taratibu huku ukisema unachofanya, mfunike, msaidie kuketi na kukanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili, mwambie yuko wapi na wewe ni nani, umwombe ataje vitu vichache anavyoviona chumbani. Mpangie siku nyingine, na katika faili andika "kipimo kimesimamishwa kwa makubaliano", ambayo ni taarifa ya kweli na haimpaki matope.

Hatua ya nne: kabla ya kuuliza kwa sauti, hakikisha una pa kumpeleka

Kuna nyakati ambapo swali lenyewe lazima litamkwe. Kwa upande wa ukatili wa wapenzi na wanandoa, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2013 kwamba wahudumu wasimuulize kila mwanamke anayefika kituoni, bali waulize pale dalili au majeraha yanapohusiana na ukatili. Pia liliweka masharti ya chini: wawepo wahudumu waliofunzwa, utaratibu ulioandikwa, faragha ya kweli, na mahali pa kumpa rufaa. Kituo kisicho na hayo kinamfungua mtu kidonda kisha kinamwacha aende nacho nyumbani kwa yuleyule aliyemjeruhi. Faragha hapa ina maana kwamba hata mume, mama mkwe au mtoto anayeweza kusimulia asiwepo chumbani.

Mipaka ya usiri itajwe kabla ya swali, kwa kuwa ikitajwa baada ya jibu inakuwa mtego. "Utakayoniambia yatabaki hapa, isipokuwa kama kuna mtoto aliye hatarini au maisha yako yako hatarini, hapo nitalazimika kumhusisha mwingine, na nitakuambia kwanza." Kisha swali liwe wazi na fupi: "Wakati mwingine nikiona majeraha kama haya, mtu nyumbani ndiye amemuumiza mgonjwa. Je, kuna kitu kama hicho kinakutokea?" Akikataa, kubali, na umweleze ni wapi pa kwenda siku yoyote akihitaji.

Kwa mtoto masharti ni makali zaidi. Mwalimu hachunguzi. Mtoto akianza kusema, kazi ya mwalimu ni kusikiliza, kusema "niambie zaidi" pale tu inapobidi, na kutomtilia maneno mdomoni. Swali kama "ni baba yako, siyo?" linaweza kuharibu ushahidi na kumchanganya mtoto. Asiahidi kutunza siri. Aandike maneno ya mtoto kama yalivyotamkwa, pamoja na saa na mahali, na siku hiyohiyo amfikishie taarifa mtu aliyeteuliwa kwa ulinzi wa watoto.

Ikiwa kilichosemwa ni ubakaji wa hivi karibuni, saa zinahesabika. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zianzwe mapema iwezekanavyo, na kabla ya saa 72 kupita. Dawa za dharura za kuzuia mimba zinatumika hadi saa 120, ingawa ufanisi wa baadhi yake hupungua kila siku inapopita. Rufaa ya matibabu isisubiri polisi, mzazi wala kikao cha shule.

Mtu anapoeleza, msimhimize amalize kila kitu. Imani kwamba aliyeumia lazima "atoe yote moyoni" siku ileile imeenea sana, ila Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2013 kwamba watu waliopatwa na tukio la kutisha hivi karibuni wasipitishwe katika kikao cha kulisimulia upya ili kuzuia madhara ya baadaye. Msikilizeni kwa kadiri anavyotaka kusema, hakikisheni kwamba yuko salama usiku huu, na muunganisheni na msaada.

Hatua ya tano: peleka mbele mahitaji, acha hadithi

Mwalimu wa michezo hahitaji kujua kilichotokea nyumbani kwa mvulana wetu. Anahitaji kujua kwamba asimguse kutoka nyuma. Mpokeaji wa kliniki anahitaji kuona kwenye faili kwamba mgonjwa huyu apangiwe mhudumu wa kike na dakika 15 za ziada. Hadithi yenyewe ibaki kwa wachache wanaolazimika kuijua, tena kwa idhini ya mwenyewe inapowezekana. Nimeona jinsi habari ya mtoto inavyosambaa katika chumba cha walimu kwa nia njema kabisa, na jinsi mtoto anavyotambua mara moja, kwa macho anayotazamwa nayo, kwamba siri yake imetoka.

Hatua ya sita: pima kama kuna kilichobadilika

Mapitio ya tafiti kuhusu mtazamo huu shuleni, yaliyochapishwa mwaka 2019 kupitia Campbell, mtandao wa kimataifa wa mapitio ya tafiti, hayakupata hata utafiti mmoja uliotimiza vigezo vyake vya kujumuishwa. Hiyo haina maana kwamba mtazamo huu haufai. Ina maana kwamba shule isiuchukulie kama jambo lililokwisha kuthibitishwa, na kwamba hesabu zake yenyewe zina uzito. Shule ihesabu matukio kwa wiki na dakika za masomo zilizopotea. Kliniki ihesabu miadi iliyokosekana, vipimo vilivyosimamishwa, na wangapi kati ya waliosimamisha walirudi. Idadi ya vipimo vilivyosimamishwa ikipanda katika miezi ya mwanzo, huenda ni habari njema: watu wameanza kuamini kwamba ishara yao itaheshimiwa.

Turudi kwa mvulana. Wiki 6 baada ya mabadiliko, matukio ya mlangoni yamekwisha kabisa, ila yamebaki matukio mawili, yote ya Jumatatu asubuhi, na lile la saba la mwanzo, lilipoangaliwa upya, nalo lilikuwa la Jumatatu. Mpangilio wa darasa hauwezi kueleza jambo hilo. Hapo jedwali limefika mwisho wa uwezo wake, na suala linakwenda kwa mtu wa ulinzi wa watoto pamoja na kumbukumbu zote, ili wenye mamlaka na mafunzo waangalie yanayotokea kwake kati ya Ijumaa na Jumatatu. Ikithibitika kwamba yuko salama lakini bado ana jinamizi, anaogopa kupita kiasi na anakwepa kila kinachomkumbusha tukio, anahitaji tiba ya kisaikolojia inayolenga kiwewe kutoka kwa mtaalamu aliyeisomea, huku walimu wakiendelea kumkaribia kutoka mbele.